Toa "nilihusika na": kuandika upya sivii ya msimamizi wa ofisi

Binti wa jirani yangu alikuja jioni moja na karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. Alifanya kazi miaka minne kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, ofisi yenye watu 14, na yeye ndiye aliyekuwa anaiendesha: mafaili, wageni, manunuzi, vikao. Sasa anatafuta pengine pa kwenda. "Shikamoo anko. Nimetuma sehemu tisa, hakuna hata mmoja aliyenipigia."

Nimewahi kukaa kwenye meza ya kuchambua maombi ya kazi ya aina hii, na nilipotazama sehemu yake ya uzoefu nikaelewa. Ilikuwa hivi:

- Nilikuwa na jukumu la kutunza mafaili ya ofisi.
- Nilihusika na mapokezi ya wageni na simu.
- Kushughulikia manunuzi ya vifaa vya ofisi.
- Nilisaidia katika maandalizi ya vikao.
- Kuhakikisha usafi na mazingira mazuri ya kazi.
- Kufanya kazi nyingine kama nilivyopangiwa na mkuu wangu wa kazi.

Hakuna uongo hata mstari mmoja. Tatizo ni kwamba mtu mwingine yeyote aliyewahi kukaa kwenye meza kama yake, awe mchapakazi au awe mtu wa kuchelewa kila siku, angeweza kuandika mistari hiyo hiyo sita bila kubadilisha neno. Jukumu ni kitu unachopewa siku unayoajiriwa. Halisemi kama ulilitimiza.

Hapa chini ni namna tulivyoifanyia kazi sivii hiyo, mstari kwa mstari. Mifano ni ya ofisi yake, lakini njia ni ile ile kama wewe unaitwa afisa utawala, katibu muhtasi au karani wa ofisi.

Kwanza, jua hayo maneno yanatoka wapi

Fungua tangazo lolote la kazi la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Utakuta kichwa kinachosema "Majukumu ya kazi", kisha orodha ya vitenzi vinavyoanza na ku-: kuchapa barua, kupokea wageni, kutunza kumbukumbu za miadi. Mwisho wake karibu kila mara kuna mstari wa kufanya kazi nyingine utakazopangiwa. Kampuni binafsi nazo huandika mikataba kwa mtindo huo huo.

Kwenye tangazo mtindo huo ni sahihi kabisa, kwa sababu kazi bado haina mtu. "Kupokea wageni" haina nafsi wala wakati. Haisemi nani alipokea wala lini. Tunapoketi kuandika sivii tunachukua karatasi ya mkataba na kuinakili, na matokeo yake mwajiri anasomeshwa tangazo lake mwenyewe.

Kwa hiyo chukua kalamu ya rangi na upige mstari chini ya kila ku- inayoanza sentensi, halafu chini ya haya: nilihusika na, nilikuwa na jukumu la, nilishughulikia, nilisaidia katika, nilishiriki katika, kuhakikisha. Usibadilishe chochote bado. Kwenye karatasi ya binti huyu mistari yote sita ilipigwa rangi. Alicheka, lakini si sana.

Pili, simama mlangoni

Watu wengi wakiambiwa watafute vitenzi vyenye nguvu hukimbilia vitenzi vikubwa: niliongoza, nilibuni, nilileta mageuzi. Ukubwa si nguvu. Kitenzi chenye nguvu ni kile ambacho mtu aliyesimama kwenye mlango wa ofisi yako angekiona kwa macho. Mtu hawezi kukuona "ukihusika". Anaweza kukuona ukisajili barua, ukilinganisha bei, ukikagua mzigo uliofika, ukiandika muhtasari.

Basi kwa kila mstari uliopigwa rangi jiulize: angekuwepo mtu mlangoni saa nne asubuhi, angeniona nafanya nini? Jibu kwa mdomo kabla ya kuandika, maana kwa mdomo tunasema kawaida.

Nilimuuliza kuhusu mafaili.

"Nilikuwa nayatunza, anko."

"Kuyatunza vipi? Unayapangusa vumbi?"

"Hapana! Nilipofika yalikuwa yamepangwa kwa majina ya wateja. Sasa mteja mmoja ana mizigo arobaini, ukiambiwa leta jalada la kontena la Machi unatafuta nusu saa. Nikayatoa yote, nikayapanga upya kwa namba ya mzigo na mwaka, nikaingiza orodha kwenye Excel."

Mtu aliyefanya hivyo alikuwa ameandika "nilikuwa na jukumu la kutunza mafaili". Ndani ya maelezo yake ya nusu dakika mlikuwa na vitenzi vitatu vinavyoonekana: kupanga upya, kuingiza, kuorodhesha. Kazi iliyobaki ilikuwa kumwandikia alichokwisha kusema.

Kama huna mtu wa kukuuliza, jirekodi kwenye simu ukimweleza rafiki ulivyokuwa ukifanya, kisha usikilize na kuandika vitenzi tu.

Tatu, pasua "kushughulikia"

Neno hili lina nafasi yake peke yake kwa sababu ndilo linalomeza kazi nyingi kuliko yote. "Kushughulikia manunuzi" kunaweza kumaanisha mtu aliyetumwa dukani akalete karatasi, au mtu aliyeendesha zabuni.

Manunuzi ya ofisi ndogo hupita hatua hizi: mtu anagundua upungufu, anaomba bei kwa wauzaji, analinganisha, anajadili bei, anapeleka pendekezo, mkuu anaidhinisha, oda inatoka, mzigo unakaguliwa unapofika, ankara inalipwa, risiti inahifadhiwa. Andika hatua zote kwenye kipande cha karatasi, kisha weka tiki kwenye zile ulizofanya wewe kwa mkono wako. Hizo ndizo vitenzi vyako. Usiweke tiki kwenye hatua ya mwingine hata kama ulikuwa umesimama karibu.

Kwa binti wetu tiki zilikaa kwenye kuomba bei, kulinganisha, kupendekeza na kukagua. Kuidhinisha kulikuwa kwa meneja. Alitaka kuandika "niliamua muuzaji wa steshenari", nikamkatalia. Meneja huyo ndiye mdhamini wake kwenye sivii. Akipigiwa simu na kuulizwa, atasema sahihi ilikuwa yake. Tukaandika:

*Niliomba na kulinganisha bei za wauzaji 3 wa steshenari na wino wa printa kila robo mwaka na kumpendekezea meneja. Matumizi yalishuka kutoka takriban shilingi 420,000 hadi 310,000 kwa mwezi.*

"Kupendekeza" si kitenzi dhaifu. Kinaonyesha mahali madaraka yako yalipoishia, na msomaji anayejua ofisi hukiamini zaidi kuliko "niliamua" la mtu asiyekuwa na cheo cha kuamua.

Upasuaji huo huo ufanyie eneo lolote. Kwenye masjala kuna kufungua jalada, kusajili barua, kusambaza, kuazimisha, kurejesha na kufunga jalada. Kwenye fedha za matumizi madogomadogo kuna kutunza, kulipa, kuandika vocha, kusuluhisha hesabu na kuomba kujaziwa. Kwenye vikao kuna kualika wajumbe, kuandaa ajenda, kuandika muhtasari, kuusambaza na kufuatilia maazimio. Karibu kila kitenzi unachohitaji kimo humo, na vyote ni vya kawaida. Sijawahi kuona mtu akikosa kazi kwa sababu ameandika "nilisajili" badala ya neno la kung'aa.

Nne, mpe kitenzi mwenyewe na wakati

Kiswahili hapa kinakusaidia, kwa sababu kitenzi kimoja kinabeba mtendaji na wakati kwa pamoja. *Nilisajili* ni neno moja, lakini lina mimi, lina jana, lina kazi. *Kusajili* limebaki na kazi tu.

Kwa kazi uliyoiacha, tumia nili-. Kwa kazi uliyonayo sasa, tumia nina-: ninasajili, ninaandaa, ninakagua. Kwa jambo ulilolikamilisha kazini ulipo sasa, nime- inafaa: nimepanga upya majalada yote. Usichanganye ku- na nili- kwenye kazi moja, kama alivyofanya huyu. Inasomeka kama mistari imeokotwa kwenye karatasi mbili tofauti, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Wapo wanaoogopa kwamba kila mstari ukianza na nili- utaonekana wa kujisifu. Wanakimbilia kauli ya kutendwa: "mfumo mpya wa majalada ulianzishwa", "kumbukumbu zilitunzwa ipasavyo". Zilitunzwa na nani? Anayechambua maombi hana muda wa kubahatisha, atadhani ni mtu mwingine. Adabu ya kutojitaja ina mahali pake, lakini sivii si mahali pake.

Kuna jambo jingine dogo la lugha ambalo linabadilisha uzito wa mstari. Tazama jozi hizi: pungua na punguza, ongezeka na ongeza, kamilika na kamilisha, tulia na tuliza. La kwanza linasema jambo lilitokea. La pili linasema kuna aliyelifanya litokee. "Ucheleweshaji wa barua ulipungua" ni habari ya barua. "Nilipunguza ucheleweshaji wa barua" ni habari yako.

Lakini la pili ni dai, na dai linahitaji ushahidi. Kabla ya kuandika *nilipunguza*, uwe na sentensi ya pili kichwani inayoanza na "kwa ku-": nilipunguza kwa kufanya nini? Ukikosa, rudi kwenye *ulipungua* au uache mstari wote. Ndiyo maana kwenye mstari wa steshenari tuliandika kwamba matumizi yalishuka. Alilinganisha bei, ndiyo, lakini mwaka huo huo ofisi ilianza pia kutuma ankara kwa barua pepe na karatasi zikatumika kidogo. Hawezi kudai shilingi 110,000 zote ni zake.

Tano, tafuta namba mahali ilipo

"Anko, mimi sikuwa nahesabu." Kila mtu husema hivyo. Namba za ofisi zipo, zimeandikwa, ila zimeandikwa kwa ajili ya mambo mengine.

Daftari la wageni pale mapokezi lina tarehe na mistari. Kama bado uko kazini, hesabu wiki moja ya kawaida, si wiki ya mwisho wa mwaka, kisha gawa kwa siku tano. Yeye alikumbuka kwamba ukurasa wa mistari 25 ulikuwa unajaa kwa siku moja na kidogo, kwa hiyo tukaandika kati ya 15 na 20 kwa siku, chini kidogo ya hesabu, kwa usalama. Rejesta ya barua zinazoingia ina namba za mfululizo: ukijua ya Januari na ya Desemba umeshapata za mwaka. Vocha nazo zina namba. Vikao vya kila Jumatatu kwa mwaka ni karibu 50, toa sikukuu.

Kwa majalada alikumbuka makabati matatu, kila moja na droo nne, kila droo na majalada 70 hadi 80. Droo 12 mara 75 ni 900. Tukaandika "takriban 900". Neno *takriban* linakulinda na halipunguzi kitu.

Mambo mawili ya kukwepa. Asilimia bila msingi: "niliongeza ufanisi kwa 40%" huibua swali ambalo hutaweza kulijibu, ufanisi wa nini, ulipimwaje? Andika namba mbili halisi, ya kabla na ya baada, na msomaji atapiga hesabu mwenyewe. Pili, siri za kazini. Kiasi cha matumizi ya steshenari hakimdhuru mtu, lakini thamani ya mizigo ya wateja, mishahara, au majina ya wateja wenyewe, hayo yabaki ofisini. Msimamizi wa ofisi anayemwaga siri kwenye sivii amejinyima sifa ya kwanza ya kazi yake.

Na kama mstari hauna namba, hauna. Si kila mstari lazima ubebe tarakimu.

Sita, andika upya, na ujue pa kusimama

Mapokezi yalitoka rahisi: *Nilipokea wageni kati ya 15 na 20 kwa siku na simu za laini 2, na kuwaelekeza kwa maofisa wa vitengo 4.* Hakuna matokeo hapo na hayahitajiki. Kiasi kinatosha kumwambia mwajiri ofisi ilikuwa na pilika za namna gani.

"Nilisaidia katika maandalizi ya vikao" ulikuwa mstari wa kunisikitisha. Nilipomuuliza nani alikuwa anasaidiwa, akanyamaza kidogo. "Meneja ndiye mwenyekiti." Meneja alikuwa anaongoza kikao tu; kualika, kuandaa ajenda, kuandika na kusambaza muhtasari ilikuwa kazi ya binti huyu peke yake, kila Jumatatu. Huko si kusaidia. Ukiona umeandika *nilisaidia*, uliza: nikitoa mkono wangu, kazi hii ingefanywa na nani? Kama jibu ni "hakuna", futa neno hilo. Kama jibu ni mtu mwingine, taja kipande chako kwa kitenzi chake: badala ya "nilisaidia ukaguzi wa hesabu wa mwaka", andika "nilikusanya na kupanga vocha za miezi 12 kwa ajili ya wakaguzi wa hesabu". *Nilishiriki* nalo ni hivyo hivyo. Si kosa, ila lisiachwe peke yake.

"Kuhakikisha usafi" ulitaka swali moja tu: ulihakikisha kwa kufanya nini? Nyuma ya kila *kuhakikisha* kuna kitenzi kimejificha, mara nyingi ni kukagua, kukumbusha au kupanga. Kwake, kulikuwa na wahudumu wawili wa usafi aliowapangia zamu na kukagua kazi yao kila asubuhi. Hapo hata *nilisimamia* linaruhusiwa, kwa sababu kuna watu wanaosimamiwa. *Kusimamia* bila mtu, bajeti wala mkataba chini yako ni nguo ya kuazima, swali la kwanza la usaili litakuwa "ulimsimamia nani?"

Mstari wa sita, ule wa kazi nyingine, nilikuwa tayari kuufuta. Kabla sijafuta nikauliza hizo kazi nyingine zilikuwa zipi. Ndipo akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba kulikuwa na wafanyakazi wawili wa kigeni na yeye ndiye alikuwa anakimbizana na vibali vyao.

Nchini Tanzania mgeni aliyeajiriwa anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Ni ofisi mbili, na kila moja ina fomu zake, viambatisho vyake na muda wake. Kibali kikiisha kabla ya kipya kutoka, matatizo ni ya mwajiri pia. Binti alikuwa na jedwali la tarehe za kuisha, anaanza maandalizi miezi mitatu kabla, na kwa miaka minne hakuna kibali kilichopitwa na muda. Huo ndio mstari wenye thamani kuliko mingine yote, na alikuwa ameuzika chini ya maneno ya mwisho ya tangazo la kazi. Ukiwa na mstari wa "kazi nyingine", usiufute mpaka uufukue.

Tukajadiliana kidogo kuhusu kitenzi. Yeye alitaka "nilifuatilia vibali". *Kufuatilia* kuna udhaifu wake: mtu anaweza kufuatilia jambo mwaka mzima na lisitoke. Kikipewa mwisho kinapona.

Sehemu yake ya uzoefu ikawa hivi:

- *Niliandaa na kufuatilia maombi ya vibali vya kazi na vya ukaazi vya wafanyakazi 2 wa kigeni hadi vikatoka; kwa miaka 4 hakuna kilichopitwa na muda.*
- *Nilipanga upya majalada takriban 900 ya mizigo kwa namba na mwaka na kuyaorodhesha kwenye Excel. Jalada lililotafutwa nusu saa likawa linapatikana ndani ya dakika 5.*
- *Niliomba na kulinganisha bei za wauzaji 3 wa steshenari na wino wa printa kila robo mwaka na kumpendekezea meneja; matumizi yalishuka kutoka takriban shilingi 420,000 hadi 310,000 kwa mwezi.*
- *Niliandaa ajenda na kuandika mihtasari ya vikao vya kila Jumatatu, na kuisambaza kwa wakuu wa vitengo kabla ya saa 4 asubuhi siku ya pili.*
- *Nilipokea wageni kati ya 15 na 20 kwa siku na simu za laini 2, na kuwaelekeza kwa maofisa wa vitengo 4.*
- *Niliwapangia zamu wahudumu 2 wa usafi na kukagua kazi yao kila asubuhi.*

Mistari ni sita kama mwanzo, na hakuna unaozidi mistari miwili na nusu ya karatasi. Mpangilio umebadilika: wenye uzito juu, wahudumu wa usafi chini, kwa sababu msomaji aliyechoka huishia mstari wa tatu. Utaona pia kwamba "kwa weledi", "kwa ufanisi mkubwa" na "kwa wakati" vimetoweka. Maneno hayo huwekwa kama gongo la kumtegemeza kitenzi mlemavu. Kitenzi kikisimama chenyewe, na saa 4 asubuhi ikiwa imeandikwa, "kwa wakati" linakuwa la nini?

Kama mwajiri anataka sivii ya Kiingereza, na wengi mjini hapa wanaitaka, bado fanya hatua hizi zote kwa Kiswahili kwanza. Aliyekwisha kujua kwamba alilinganisha, akapendekeza na kukagua hapati taabu kupata maneno hayo kwa lugha nyingine. Anayeanza moja kwa moja na Kiingereza huishia kunakili sentensi za mitandaoni, na sentensi hizo ndizo zilizojaa "kuwajibika".

Saba, pima kila kitenzi kwa maswali mawili ya usaili

Keti na mtu, hata mdogo wako, mpe karatasi, na kwa kila mstari akuulize: "Ulifanyaje?" na "Nani anaweza kuthibitisha?" Unatakiwa kujibu la kwanza kwa muda wa kama dakika moja bila kutangatanga, na la pili kwa kumtaja mtu mmoja aliyekuwepo. Mstari ukikwama kwenye swali la kwanza, kitenzi ni kikubwa kuliko kazi, kishushe. Ukikwama kwenye la pili, usiufute, ila usiuweke juu kabisa.

Nilishuhudia usaili ambapo kijana alikuwa ameandika kwamba aliongoza mageuzi ya masjala. Akaulizwa masjala ilikuwaje kabla na ikawaje baada. Ikaja kujulikana kwamba mtaalamu aliletwa kutoka nje, na yeye alibandika lebo kwenye majalada kwa wiki mbili. Kubandika lebo kwenye majalada mia kadhaa bila kukosea ni kazi, na ingeandikwa hivyo ingemsaidia. Baada ya hapo kila alichosema kilisikilizwa kwa shaka, hata yale ya kweli.

Binti alipofika kwenye mstari wa dakika tano, nikamuuliza alipima vipi. Akasema hakupima kwa saa. Ila siku moja maofisa wa forodha walikuja wakitaka nyaraka za mzigo wa miaka miwili nyuma, na alizileta kabla chai waliyokaribishwa haijapoa. Nikamwambia mstari ubaki ulivyo, na hadithi ya chai aende nayo kwenye usaili.

Kisha tukachukua tangazo aliloliona wiki hiyo, kampuni moja ya usafirishaji inayotaka msimamizi wa ofisi, tukasoma majukumu yake. Lilitaja "kutunza fedha za matumizi madogomadogo", na kwenye sivii yake jambo hilo halikuwepo kabisa.

"Hukuwa nazo?"

"Nilikuwa nazo, anko, shilingi 500,000 kila mwezi. Nilidhani si kitu."

Tukaondoa mstari wa wahudumu wa usafi, na mahali pake tukaandika: *Nilitunza fedha za matumizi madogomadogo shilingi 500,000 kwa mwezi na kusuluhisha vocha na salio kila Ijumaa.* Alitaka kuongeza "bila upungufu wowote". Nikamuuliza kama ni kweli kwa miezi yote. Akafikiri, akasema kuna mwezi mmoja shilingi 2,000 hazikuonekana akazilipa mwenyewe. Maneno hayo hatukuyaweka.